Shajara ya mradi: kueleza kujaa na kupwa kwa maji kwa maneno mepesi

Siku ya 1

Kwa miaka tisa nimefundisha Jiografia katika sekondari moja ya hapa Unguja, na kila mwaka nimechora ubaoni mchoro uleule: duara la Dunia, duara dogo la mwezi, na bahari iliyotuna pande mbili, upande unaoelekea mwezi na upande wa nyuma. Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini maji yatune na upande wa nyuma, nikamjibu kwa haraka, na nilipoketi nikagundua kuwa jibu lile lilimtosha yeye lakini mimi mwenyewe halikunitosha. Ndipo nikaanzisha mradi huu, ambao kazi yake ni moja tu: kueleza kwa sauti, kwa muda usiozidi dakika saba, kama ninayemfundisha mtoto wa darasa la tano, kwa nini bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, mpaka nisiwe na sentensi hata moja ninayoisema bila kujua maana yake.

Utaratibu niliojiwekea ni huu. Ninakaa mbele ya kiti kitupu, ninawasha kinasa sauti cha simu, ninaeleza bila kutazama kitabu, kisha ninaandika kila nilichosema neno kwa neno, pamoja na vigugumizi vyake. Neno la kitaalamu haliruhusiwi mpaka kwanza nilieleze kwa maneno ya nyumbani. Kabla ya kuanza ninajipa alama ya uelewa kati ya 1 na 7, na nikimaliza ninajipa tena. Jambo hili la alama nimeliazima kwa Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale, ambao katika utafiti waliouchapisha mwaka 2002 waliwauliza watu wanajua kiasi gani namna zipu, kitasa au cherehani inavyofanya kazi, kisha wakawataka waeleze hatua kwa hatua, na alama ambazo watu walijipa baada ya kueleza zikashuka.

Mimi nilijipa 6. Nilifika dakika ya pili na sekunde chache nikakwama. Haya ndiyo maneno yenyewe kutoka kwenye simu: “Mwezi una nguvu ya mvutano, kwa hiyo unayavuta maji yaliyo upande wake, yanatuna, na hapo ndipo maji yanapojaa. Na upande wa pili, yaani ule usioelekea mwezi, maji nayo yanatuna kwa sababu, yaani, kwa sababu ya mzunguko, ile nguvu ya mzunguko inayatupa nje, kwa hiyo tunapata kujaa mara mbili.”

Nilipoisoma karatasi niliona kuwa kasoro haikujificha kabisa, ila sikio haliishiki wakati mdomo unasema. “Yaani” ya kwanza ni halali, kwa kuwa inafafanua. “Yaani” ya pili haifafanui kitu, inanunua muda. Baada yake likaja neno “mzunguko”, ambalo halina mwenyewe: sikusema ni mzunguko wa nini kuzunguka nini. Kisha “kwa hiyo” ya mwisho ikaunganisha vitu viwili ambavyo havijaunganika. Alama yangu ya pili ilikuwa 3.

Siku ya 3

Leo nimelishika lile neno “mzunguko” peke yake. Nimejiuliza kwa sauti swali ambalo mtoto angeliuliza: mzunguko upi? Kama ninakusudia Dunia kujizungusha yenyewe, ule unaotupa usiku na mchana, basi ni kweli kwamba kitu kinachozunguka hutupa vitu nje, kama nguo mbichi inavyorusha maji ukiizungusha mkononi. Lakini Dunia hujizungusha kwa namna moja pande zote. Ikiwa mzunguko huo unainua maji, utayainua kuizunguka ikweta nzima, na mwinuko huo utakaa palepale mchana na usiku bila kujali mwezi uko wapi. Hauwezi kuchagua upande mmoja tu, na tena uwe ule ulio nyuma ya mwezi.

Kwa hiyo maelezo niliyoyatoa darasani kwa miaka tisa yalikuwa kiraka. Neno lilifunika tundu, na kwa kuwa neno lenyewe lilikuwa na sura ya kitaalamu, hakuna aliyelifunua, na mimi nikiwa wa kwanza wao. Alama: 2.

Siku ya 4

Jioni nzima nimeitumia kutafuta kitu kilichokosekana, na nilipokipata nilikuta kuwa ni sentensi moja fupi: mwezi hauyavuti maji peke yake, unaivuta Dunia nzima. Unavuta maji ya upande wa karibu, unavuta kitovu cha Dunia, na unavuta maji ya upande wa nyuma, yote kuelekea upande mmoja, ila si kwa nguvu sawa, kwa sababu mvutano hupungua kadiri umbali unavyozidi.

Hapa nilihitaji hesabu, maana bila hesabu ningerudi kwenye “kwa namna fulani”. Mwezi uko umbali wa takriban kilomita 384,400, na kutoka kitovu cha Dunia hadi usoni pake ni kilomita 6,371, kwa hiyo mwezi uko umbali wa kama nusu vipenyo 60 vya Dunia. Upande wa karibu basi uko umbali wa 59, kitovu 60, na upande wa nyuma 61. Mvutano hupungua kwa mraba wa umbali: ukiongeza umbali mara mbili, mvutano unabaki robo. Tukisema kitovu kinavutwa kwa vipimo 1,000, hesabu inatoa hivi:

```
karibu:  1000 × 60² ÷ 59² = 1034
kitovu:  1000
nyuma:   1000 × 60² ÷ 61² = 967
```

Nilipoiona hesabu hii nilicheka peke yangu. Upande wa karibu umezidi kitovu kwa 34, na upande wa nyuma umepungukiwa na kitovu kwa 33. Maji ya nyuma hayatupwi nje na kitu chochote. Yanaachwa nyuma, kwa sababu Dunia inavutwa zaidi kuliko yao. Na kwa kuwa 34 na 33 karibu ni sawa, miinuko miwili nayo karibu ni sawa, jambo ambalo maelezo yangu ya zamani hayakuweza hata kuligusa.

Kwa mtoto nimetengeneza mfano huu. Ngalawa tatu zimefuatana mstari mmoja, ya mbele imepata upepo mwingi, ya katikati wa wastani, ya nyuma mchache, na zote zinakwenda upande mmoja. Mtu aliye katika ngalawa ya kati, asipoitazama pwani bali akazitazama ngalawa wenzake tu, ataona ya mbele inamkimbia kwenda mbele na ya nyuma inazidi kubaki nyuma. Kwake yeye ni kama zote mbili zinamkimbia, moja huku na moja kule, ingawa hakuna hata moja inayorudi nyuma. Sisi tulio juu ya Dunia ni yule mtu wa ngalawa ya kati.

Nilirekodi tena. Sehemu hii ilipita bila “yaani” hata moja. Alama: 5, na pengine nilijipendelea.

Siku ya 7

Tundu la leo nililigundua katikati ya sentensi. Nilikuwa nikieleza bamvua, zile siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, nikasema kuwa mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umepotea kabisa, jua nalo husaidia kuvuta, “lakini jua liko mbali sana, kwa hiyo mvutano wake ni mdogo”. Nilizima simu palepale. Jua ndilo linaloishika Dunia katika njia yake ya mwaka mzima. Inawezekanaje mvutano wake kwetu uwe mdogo kuliko wa mwezi? Ukweli ni kwamba jua huivuta Dunia karibu mara 178 ya mwezi. Kama mwezi unavuta kitovu kwa 1,000, jua linakivuta kwa 178,000.

Jawabu liko kwenye hesabu ileile ya siku ya 4, ila nilikuwa sijaielewa vya kutosha kuitumia mahali pengine. Kinachoinua maji si ukubwa wa mvutano, bali tofauti ya mvutano kati ya upande mmoja wa Dunia na kitovu. Jua liko umbali wa nusu vipenyo zaidi ya 23,000, na kwa umbali huo hatua moja mbele au nyuma haibadilishi kitu sana: upande wa karibu unavutwa kwa 178,015 na wa nyuma kwa 177,985. Tofauti ni 15 tu kila upande, huku ya mwezi ikiwa 33 au 34. Jua lina nguvu nyingi zaidi, lakini linavuta kila kitu karibu sawasawa.

Na hapo bamvua ikajieleza yenyewe. Jua na mwezi wakiwa mstari mmoja, tunajumlisha 33 na 15 tukapata 48. Mwezi ukiwa nusu, wakavuta kwa pembe mraba, mmoja anainua mahali ambapo mwenzake anateremsha, tunatoa na kubaki na 18, na hayo ndiyo maji mafu. Arobaini na nane kwa kumi na nane ni kama mara mbili na theluthi mbili, na hapa kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3 ilhali maji mafu hucheza karibu na mita 1. Hesabu ya karatasini imekaribia kabisa kile kinachoonekana ufukweni. Jioni hiyo nilijipa 6, nikaona kazi imekwisha.

Siku ya 9

Haikuwa imekwisha. Nilikwenda pwani ya mashariki kumwamkia shangazi yangu, ambaye amelima mwani kwa miaka mingi, na nikamkuta anajitayarisha kushuka. Mwezi ulikuwa umepevuka usiku wa juzi yake, bamvua imeingia, na kwenye saa nne asubuhi bahari ilikuwa imekwenda mbali kiasi kwamba vijiti na kamba zake zilikuwa zimebaki katika maji ya magotini. Nilimwomba anisikilize wakati akifunga vipando, nikamweleza kila kitu tangu mwanzo: Dunia nzima inavutwa, ngalawa tatu, jua na mwezi. Alinisikiliza kwa utulivu mpaka mwisho.

Kisha akauliza, “Mwanangu, hayo maji ya kujaa yanatoka wapi?”

Nikasema yanatuna, shangazi. Akasema, “Maji hayatuni kama andazi. Yakiongezeka hapa yamepungua pengine. Sasa yanatoka wapi, na yanakuja kwa njia gani?” Kabla sijajibu akaongeza la pili, bila kuinua macho kwenye kamba: “Na mwezi mpevu uko utosini saa sita za usiku. Mbona maji ya bamvua yanajaa baina ya saa kumi na saa kumi na moja? Kwa maneno yako wewe, saa sita yangekuwa yamejaa pomoni.”

Sikuwa na la kusema. Yeye ni mwanafunzi mpya wa nadharia yangu lakini si mgeni wa bahari, na huenda huyo ndiye msikilizaji anayefaa kuliko kiti kitupu, kwa sababu kiti hakijui saa ambayo maji hujaa. Mchoro wangu wa ubaoni unasema maji hujaa mwezi ukiwa juu yako. Saa ya shangazi inasema hapana, kwa zaidi ya saa nne. Alama: 3.

Siku ya 12

Maswali yake mawili yamegeuka kuwa swali moja. Maji ya kujaa hayainuliwi wima na mwezi. Nguvu inayobaki baada ya kutoa ile ya kitovu ni ndogo mno, takriban sehemu moja kwa milioni tisa ya uzito wa maji yenyewe. Kinachofanyika ni kwamba nguvu hiyo ndogo inayasukuma maji kwa ubavu, kidogokidogo, katika eneo la maelfu ya kilomita, yakapungua kwingine na kukusanyika kwingine. Shangazi alikuwa na haki: kuna njia ya kupita, na penye njia pana muda.

Sasa muda wenyewe. Kwa kuwa Dunia inajizungusha, sehemu iliyo chini ya mwezi hukimbia juu ya ikweta kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Ili mwinuko wa maji ubaki chini ya mwezi kama ulivyo kwenye mchoro wangu, ni lazima nao uende kwa kasi hiyo. Lakini wimbi refu la namna hii huenda kwa kasi inayotegemea kina cha bahari, na kwa kina cha kilomita 4, ambacho ni cha kawaida katika bahari kuu, kasi yake ni kama kilomita 700 kwa saa. (Ninasema wimbi, si maji, maji yenyewe husogea polepole, msukumo ndio unaosafiri, kama mtu wa nyuma ya foleni anapomsukuma aliye mbele yake.) Bahari ingehitaji kina cha zaidi ya kilomita 20 ili wimbi lienende na mwezi, na hata hapo lingegonga Afrika.

Kwa hiyo ule mchoro wa miinuko miwili ni picha ya nguvu inayosukuma, si picha ya maji yanavyokaa. Newton aliueleza msukumo mwaka 1687. Namna maji yanavyoenenda yalipokuwa yakisukumwa ilimngoja Laplace katika miaka ya 1770. Mimi nilikuwa nikifundisha nusu ya kwanza na kuiita kitu kizima.

Kwa mtoto ninaeleza kwa beseni. Ukibeba beseni la maji na kulitikisa kwa mpigo usiobadilika, maji yatapanda na kushuka kwa mpigo uleule wa mikono yako, lakini hayatapanda wakati uleule mkono unaposukuma; yatachelewa kwa muda unaotegemea upana wa beseni na wingi wa maji. Mwezi ndio mkono, na mpigo wake ni saa 12 na dakika 25. Bahari ya Hindi ndiyo beseni. Mpigo tunaupata kwa mwezi, ila kuchelewa tunakupata kwa beseni, na kwa hapa Unguja kuchelewa huko ni kama saa nne. Huwezi kukuhesabu kwa kalamu na karatasi. Hupimwa bandarini kwa kuandika urefu wa maji kwa muda mrefu, na majedwali ya maji hutengenezwa kutokana na vipimo hivyo.

Maelezo haya yanasema jambo linaloweza kukaguliwa. Kama kuchelewa ni kwa beseni, basi kutabaki karibu saa nne hata siku ya maji mafu, ambapo mwezi hupita juu saa nyingine kabisa.

Siku ya 16

Leo ni maji mafu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nusu ya mwezi, imepauka kama kipande cha nazi, ilikuwa juu kabisa ya njia yake. Nikaandika kwenye karatasi, kabla ya kutazama jedwali lolote: kujaa, saa nne na nusu asubuhi.

Nilishuka kwenye ngazi za mawe za pwani saa tatu na nusu nikiwa na chaki, nikaweka alama kwenye ukingo wa maji kila baada ya dakika kumi. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani, kwa sababu maji mafu hayana haraka, na viwimbi vya mashua zinazopita vilifuta alama mbili. Kati ya saa nne na dakika ishirini na saa tano kasoro dakika kumi sikuweza kusema kwa hakika kama maji yanapanda au yamesimama. Baada ya hapo alama zilianza kushuka. Katikati ya muda huo ni saa nne na dakika thelathini na tano. Jedwali nililolifungua baadaye lilitofautiana nami kwa dakika chache, na kwa chaki na ngazi sikutarajia zaidi.

Jioni nilirekodi kwa mara ya sita. Dakika sita na sekunde arobaini, kiraka hakuna, “yaani” nne na zote za kufafanua. Kisha nikampigia simu shangazi na kumweleza habari ya beseni. Alisema hilo linaingia akilini, akanyamaza kidogo, akasema, “Lakini bamvua kubwa si siku ya mwezi mpevu yenyewe. Ni mwezi kumi na sita, kumi na saba. Hiyo nayo ni beseni?”

Nilimwambia nitampigia. Nimejipa 5, na swali lake nimeliandika juu ya ukurasa wa kesho: kama maji huchelewa kwa saa nne kila mpigo, kwa nini ukubwa wa bamvua uchelewe kwa siku moja au mbili? Ninashuku kuwa linafanana na bembea, ambayo ukizidisha kusukuma haifiki juu kabisa kwa msukumo mmoja, lakini sijalieleza kwa sauti bado, kwa hiyo silihesabu kuwa ninalijua.